Ugonjwa wa Kiholanzi: Gesi Inavyobana Viwanda

Julai 1959, mafundi waliokuwa wakichimba karibu na Slochteren, kaskazini mwa Uholanzi, walikuta gesi chini ya mashamba ya jimbo la Groningen. Mwanzoni ilidhaniwa ni kidogo. Makadirio yakazidi kupanda mwaka hadi mwaka, na mwishowe ikajulikana kwamba chini ya mashamba hayo kulikuwa na takriban mita za ujazo bilioni 2,800, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za gesi duniani. Katika miaka ya 1960 majiko ya makaa ya mawe yaliondolewa majumbani na mabomba yakavuka mpaka kwenda kuuza gesi kwa majirani. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, bei ya gesi nayo ikafuata, na serikali ya Uholanzi, iliyokuwa ikichukua sehemu kubwa ya faida, ikajikuta na fedha ambazo haikuwahi kuzipangia matumizi.

Mwezi Novemba 1977 jarida la The Economist la Uingereza liliitazama nchi hiyo na kuona mambo yasiyooana. Biashara ya nje ilikuwa inaleta ziada na gilda, fedha ya Waholanzi, ilikuwa imara. Ukiangalia hayo tu ungesema nchi inastawi. Lakini viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na ukosefu wa ajira ulikuwa umepanda kutoka asilimia 1.1 mwaka 1970 hadi asilimia 5.1. Jarida likaiita hali hiyo ugonjwa wa Kiholanzi, na jina likaganda hadi leo katika vitabu vya uchumi.

Inakuwaje utajiri uje, halafu viwanda visivyohusika kabisa na gesi vianze kufunga milango? Jibu linapatikana kwa kuchora nchi ndogo ya kufikirika yenye sekta mbili tu. Sekta ya kwanza inatengeneza mashati. Shati linasafirishwa, kwa hiyo bei yake inapangwa na soko la dunia: likiuzwa dola 10 huko nje, hakuna mwenye kiwanda wa nchi hii atakayepata dola 11. Sekta ya pili ni vinyozi, nao wanasimama badala ya kazi zote zisizoweza kuletwa kwa meli, kama vile ujenzi, ualimu, migahawa na usafiri wa mjini. Hakuna anayepanda ndege kwenda kunyoa Guangzhou. Bei ya kunyoa inapangwa hapa hapa, kwa kadiri ya wateja waliopo na vinyozi waliopo.

Kabla ya gesi, dola moja ni shilingi 100. Shati linaingiza shilingi 1,000. Uzi na kitambaa, ambavyo vinanunuliwa nje, vinakula 400, mshahara 500, na mwenye kiwanda anabaki na 100. Kunyoa ni shilingi 200. Kwa hiyo shati moja linatosha kunyoa watu watano. Uwiano huo kati ya shati na kinyozi ndio wa kukumbuka kuliko tarakimu nyingine zote hapa, maana ndio wachumi wanaouita kiwango halisi cha kubadilisha fedha.

Sasa gesi inagunduliwa. Kazi ya kuchimba gesi inahitaji mitambo ya gharama kubwa na watu wachache, kwa hiyo si sekta inayonyang'anya viwanda wafanyakazi moja kwa moja. Kwa nchi yetu ndogo tunaweza kuihesabu kama dola zinazodondoka kila mwaka mikononi mwa serikali. Mambo yanaanza dola hizo zinapotumika. Serikali inaajiri walimu, inajenga barabara, inapunguza kodi, na wananchi wenye fedha zaidi mfukoni wanataka mashati zaidi na kunyoa mara nyingi zaidi. Mashati ya ziada hayana shida, kwa sababu dola zipo na yataagizwa kutoka nje bila bei kupanda. Vinyozi hawaagizwi. Lazima watoke miongoni mwa wafanyakazi waliopo nchini, na wengi wao wako kiwandani wanashona. Ili waache cherehani washike mkasi, kinyozi lazima alipwe zaidi, na ili wasiondoke, kiwanda nacho lazima kiongeze mshahara.

Kuanzia hapo kuna njia mbili, na nchi inafuata moja au nyingine kutegemea sera ya benki kuu yake.

Katika njia ya kwanza, benki kuu inashikilia dola kwa shilingi 100. Mishahara inapanda robo, kutoka 500 hadi 625, na kunyoa kunapanda kutoka 200 hadi 250. Shati bado linaingiza 1,000, uzi bado 400, na jumla ya gharama ni 1,025. Kila shati sasa linaleta hasara ya shilingi 25.

Katika njia ya pili, benki kuu inaiachia shilingi ijitafutie thamani yake sokoni. Dola za gesi zimekuwa nyingi, kila mwenye nazo anazibadilisha apate shilingi, na shilingi inapanda thamani hadi dola moja inapatikana kwa 80. Mishahara haijaguswa, bado ni 500, na kunyoa ni 200 kama zamani. Ila shati la dola 10 sasa linaingiza 800 tu. Uzi umeshuka hadi 320, na ukijumlisha na mshahara unapata 820. Hasara ni shilingi 20. Zigeuze hasara zote mbili kuwa dola: 25 kwa kiwango cha 100 ni robo dola, na 20 kwa kiwango cha 80 ni robo dola vilevile.

Hizo njia mbili ni kitu kimoja. Katika zote, shati lililokuwa linanyoa watu watano sasa linanyoa wanne. Ndiyo maana serikali inayodhani itaviokoa viwanda kwa kung'ang'ania kiwango cha fedha, huku ikiendelea kumwaga fedha za gesi ndani, inafunga mlango mmoja tu. Shinikizo litapitia kwenye bei na mishahara. Uholanzi ilipata mchanganyiko: gilda ilikwenda sambamba na maki ya Ujerumani na kupandishwa thamani zaidi ya mara moja, na wakati huohuo mishahara ilikuwa imefungwa kwa mikataba iliyoipandisha yenyewe kila bei zilipopanda.

Wachumi Max Corden na Peter Neary ndio walioipanga hoja hii kitaalamu mwaka 1982. Wao walitenga gesi iwe sekta ya tatu, na wakatofautisha athari ya matumizi, ambayo ndiyo hii ya vinyozi, na athari ya gesi yenyewe kuvuta wafanyakazi. Kwa nchi nyingi ile ya matumizi ndiyo nzito.

Hapa msomaji makini atauliza: ugonjwa uko wapi? Katika nchi yetu ya kufikirika hakuna aliyeumia sana. Watu wanavaa mashati zaidi kuliko mwanzo, yaliyoagizwa kwa dola za gesi, na wananyolewa zaidi. Aliyeacha kushona ameshika mkasi kwa mshahara mnono. Kusema kweli, kama gesi ingedumu milele na kila mtu angehama kazi bila taabu, viwanda kupungua kungekuwa marekebisho ya kawaida tu, na kilio cha wenye viwanda kingekuwa kilio cha kundi moja.

Taabu inaanza mahali modeli inapoacha mambo nje. La kwanza ni kwamba watu hawahami kirahisi hivyo. Fundi wa meli mwenye miaka 50 hageuki kuwa mwalimu kwa sababu tu mshahara wa mwalimu umepanda. Uholanzi iliwapokea wengi wa aina hiyo kwenye mafao ya ukosefu wa kazi na ya ulemavu, na fedha za gesi zikasaidia kuyalipa mafao hayo. Kwa hiyo badala ya kuhamia sekta ya pili, watu walitoka kazini kabisa. Modeli ya sekta mbili inadhani kila mtu ana kazi. Ile asilimia 5.1 inaonyesha kwamba hali halisi haikuwa hivyo.

La pili lilielezwa na mchumi Mholanzi Sweder van Wijnbergen mwaka 1984. Kiwandani watu wanajifunza kwa kutenda: kila mwaka wa uzalishaji unawafundisha namna ya kupunguza makosa, kutunza mashine na kushika wateja. Ujuzi huo haukusanyiki kwenye kinyozi kwa kasi ileile. Kiwanda kikifungwa kwa miaka 15 halafu gesi ikapungua, shilingi itashuka na kwenye karatasi shati litakuwa na faida tena, lakini mafundi wametawanyika, mashine zimeuzwa chuma chakavu, na mnunuzi wa nje amezoea kununua kwingine.

Lakini si kila kiwanda kinachokufa wakati wa gesi kimeuawa na gesi. Eneo la Twente, mashariki mwa Uholanzi, lilikuwa kitovu cha nguo, na wafumaji wake mjini Enschede walianza kufunga katika miaka ya 1960, kabla fedha za gesi hazijawa nyingi. Walikuwa tayari wanashindwa na nguo za nchi zenye mishahara midogo. Gilda imara iliwaongezea uzito tu. Upande wa pili, viwanda vinavyokula nishati nyingi, kama vya kemikali na mbolea, na wakulima wa nyanya katika nyumba za vioo, vilinufaika na gesi ya karibu.

Njia ya kupambanua ni kurudi kwenye ule uwiano na kutazama sekta zote mbili pamoja. Viwanda vikisinyaa huku ujenzi na huduma vikipanuka, na bei ya kunyoa ikipanda haraka kuliko bei ya mashati, hapo dalili za ugonjwa wa Kiholanzi zipo. Zote mbili zikisinyaa kwa pamoja, tatizo ni jingine, huenda riba au mdororo wa dunia. Uingereza ya mwaka 1980 inawatatiza wachumi mpaka leo kwa sababu hiyo: mafuta ya Bahari ya Kaskazini na riba kubwa za serikali ya Thatcher viliipandisha pauni wakati mmoja.

Kwa kuwa kisababishi ni matumizi, tiba nayo iko kwenye matumizi. Norway ilipitisha sheria ya mfuko wake wa mafuta mwaka 1990, na mfuko huo unawekeza nje ya nchi tu. Dola inayobaki New York hainyoi mtu Oslo. Kinachoingia kwenye bajeti kwa muda mrefu kinakusudiwa kisizidi faida inayotarajiwa kutoka kwenye mfuko, ambayo sasa inakadiriwa kuwa asilimia 3 kwa mwaka. Hata hivyo mishahara ya Norway imekuwa ghali, na viwanda vyake vingi vimeishi kwa kuihudumia sekta ya mafuta yenyewe.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi mwaka 2015, yenye mfuko wa aina hiyo, na Uganda ikatunga yake mwaka huohuo. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu 2004, haijaleta mafuriko ya dola, kwa sababu inachomwa humu humu kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Katika hesabu ya shati, gesi ya namna hiyo inapunguza gharama upande wa kiwanda. Gesi ya kina kirefu baharini, iliyogunduliwa kuanzia 2010 nje ya pwani ya Lindi na Mtwara, inapangiwa kugandishwa iwe kimiminika na kuuzwa ng'ambo kwa meli, na hiyo ndiyo itakayolipwa kwa dola.