Ukistaafu Utaishi kwa Nini? Hesabu ya Mchuma Chai

Katika vikundi vyetu vya kujisaidia hapa Kabianga, swali moja huulizwa mara kwa mara: "Nikiacha kazi kwa mashamba ya chai, pesa zitatosha?" Wengi hujibiwa kwa kutajiwa kiinua mgongo. Mtu akisikia laki saba au nane anaona mambo yamekwisha. Lakini pesa za mkupuo hazisemi lolote mpaka zigeuzwe kuwa pesa za kila mwezi, halafu zilinganishwe na matumizi ya kila mwezi. Hesabu hiyo ina hatua tatu, nasi tutaifanya hapa pole pole kwa mfano mmoja. Mfano wenyewe tumeutunga kutokana na hali tunazozijua, kwa hivyo usimtafute mtu huyu kijijini.

Tuchukue mama mwenye miaka 55, anayefanya kazi katika shamba kubwa la chai na kuishi katika nyumba ya kampuni. Atastaafu akiwa na miaka 60. Nyumbani kwake ana nusu ekari ya chai yake mwenyewe, ambayo majani yake hupelekwa kwenye kiwanda cha KTDA. Mshahara wake ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Ukiondoa NSSF, bima ya afya ya SHA, ada ya nyumba na ada ya chama cha wafanyakazi, anabaki na shilingi 16,000 mkononi.

Hatua ya kwanza: Mapato ya uzeeni ni sehemu gani ya mapato ya leo?

Tunaanza kwa kukusanya kila kitu atakachopata akistaafu. Taarifa yake ya NSSF inaonyesha 240,000. Ukubwa wa pesa hizo usiwashangaze. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Ni tangu Februari 2023, sheria ya mwaka wa 2013 ilipoanza kutumika, ndipo mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara kila upande, kwa viwango vilivyowekwa. Kwa mama huyu ni 1,080 zake na 1,080 za mwajiri, yaani 2,160. Kwa miezi 60 iliyobaki zitaongezeka karibu 130,000, na jumla itakuwa 370,000.

Kiinua mgongo kinategemea makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Tuseme yake yanampa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka wa kazi. Siku moja ni shilingi 600, na atakuwa amefanya kazi miaka 30, kwa hivyo ni 378,000. Katika sako ana 52,000. Jumla ya mkupuo ni 800,000.

Sasa tuzigeuze ziwe za mwezi. Tukikadiria kwamba ataishi hadi miaka 85, ni miaka 25, yaani miezi 300. 800,000 ukigawa kwa 300 unapata kama 2,650 kwa mwezi. Hatukuongeza riba, wala hatukupandisha bei ya unga na sukari. Tumechukulia kwamba riba itakula sambamba na kupanda kwa bei. Pesa zikiwekwa chini ya godoro, hesabu hii haisimami.

Kisha chai yake. Nusu ekari inampa kilo 1,500 za majani kwa mwaka. Tukiweka shilingi 25 kwa kilo ya malipo ya mwezi na 20 za bonasi, ni 67,500. Toa wachumaji, shilingi 10 kwa kilo, maana tunapiga hesabu ya mtu asiyeweza tena kuchuma: 15,000. Toa magunia matatu ya mbolea: 7,500. Kinachobaki ni 45,000 kwa mwaka, yaani 3,750 kwa mwezi.

Kwa hivyo mapato ya uzeeni ni 2,650 na 3,750, jumla 6,400. Ukilinganisha na 16,000 za leo, ni asilimia 40. Hiki ndicho kipimo ambacho washauri wa pensheni hukitazama kwanza. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka wa 1952, unataja asilimia 40 ya mshahara kama kiwango cha chini cha malipo ya uzeeni kwa aliyechanga miaka 30. Mama angeweza kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Lakini tungoje kwanza.

Hatua ya pili: Matumizi yatakuwaje?

Asilimia hudanganya pale ambapo mshahara si pesa pekee. Mtu anayeishi kwa kampuni ana nyumba na maji bila kulipa, na mara nyingi zahanati iko karibu. Siku anayorudisha ufunguo, vyote hivyo vinaisha, na havikuonekana popote kwenye zile 16,000. Swali tunalouliza kila mara ni hili: "Mama, usiku wa kwanza baada ya kustaafu utalala wapi?" Wengi wana shamba lakini nyumba hawana, au iliyopo ni ile ya zamani inayovuja.

Mama wetu anahitaji nyumba ndogo ya mabati ya vyumba viwili, shilingi 240,000. Pesa hizo akizitoa kwenye mkupuo, zinabaki 560,000, ambazo ni kama 1,850 kwa mwezi badala ya 2,650. Mapato yanashuka hadi 5,600, na ile asilimia 40 imekuwa 35.

Halafu tunaandika matumizi ya mwezi, kila kitu na mstari wake:

Chakula cha kununua: 4,000
Sabuni na taa: 800
Bima ya afya na dawa za presha: 1,500
Nauli na simu: 900
Matanga, harambee na sadaka: 800
Kurekebisha nyumba: 400
Shule ya mjukuu anayemlea: 800

Jumla ni 9,200. Angalieni mstari wa dawa. Matumizi ya kazini, kama ada ya chama, hupungua mtu akistaafu, lakini ya afya huongezeka. Anayechukua matumizi ya leo na kuyapunguza tu atakosea hapo.

Hatua ya tatu: Pengo

Matumizi 9,200, mapato 5,600. Pengo ni 3,600 kila mwezi. Kwa miezi 300 ni shilingi 1,080,000. Ili azipate kwa kuweka akiba tu katika miaka mitano iliyobaki, ingebidi aweke 18,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya zote anazopokea mkononi. Hapa ndipo mtu hukata tamaa na kusema basi, Mungu atajua. Lakini pengo haliwezi kuzibwa na akiba peke yake, na si lazima lizibwe kwa mkono mmoja. Tunalikata vipande.

Kipande cha kwanza ni nyumba. Kitinda mimba wake anamaliza shule mwaka huu, na karo ilikuwa ikimla kama 4,000 kwa mwezi. Pesa hizo zikiendelea kutengwa kwa miezi 60 ni 240,000, bei ya nyumba kamili. Ajenge kidogo kidogo: msingi, nguzo, mabati, sakafu. Hapo mkupuo unabaki mzima, na 800 kwa mwezi zinarudi. Hatari ni kwamba karo ikiisha pesa huyeyuka bila mtu kujua zimeenda wapi. Afadhali zikatwe na sako kabla hazijafika mkononi.

Kipande cha pili ni chai. Kilo 1,500 kwa nusu ekari ni kidogo. Mbolea ikiwekwa kwa wakati na uchumaji usipopita wiki mbili, kilo 2,000 zinawezekana. Kilo 500 za ziada, ukitoa uchumaji na gunia moja zaidi la mbolea, zinaleta 15,000 kwa mwaka, yaani 1,250 kwa mwezi. Lakini kumbukeni kwamba mwaka wa kupogoa mavuno hushuka, kwa hivyo asipogoe shamba lote kwa mara moja.

Kipande cha tatu ni mjukuu. Hapa si pesa, ni kikao. Wazazi wa mtoto wanafanya kazi, na hawajawahi kuambiwa waziwazi kwamba nyanya ataacha mshahara. Wakichukua shule ya mtoto wao, 800 zinaondoka kwenye matumizi. Kikao hiki kifanywe sasa, wakati mama bado ana mshahara. Akishastaafu ataonekana kama anayeomba.

Jumlisha: 800, 1,250 na 800 ni 2,850. Pengo la 3,600 limebaki 750.

Hizo 750 zatoka wapi? Kwa miaka ya mwanzo mama bado ana nguvu. Akichuma chai yake mwenyewe, kilo 2,000 kwa shilingi 10, anaokoa 20,000 kwa mwaka, karibu 1,670 kwa mwezi. Zinaziba pengo na kubakisha kama 920. Akiziweka hadi afike miaka 68, atakuwa na karibu 88,000, na hizo zitaziba pengo kwa miaka kama kumi mingine. Baada ya hapo bado kuna upungufu, na hatutauficha. Msaada wa wazee wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia miaka 70, hatukuuweka kwenye hesabu, kwa sababu si kila mzee ameandikishwa na malipo yake huchelewa.

Mahali hesabu inapovunjika

Ya kwanza ni bonasi. Wakulima wa Kericho na Bomet wanakumbuka jinsi bonasi ya 2025 ilivyoanguka. Rudieni hesabu kwa bonasi ya 10 badala ya 20. Kwa kilo 2,000, mama anapoteza 20,000 kwa mwaka, karibu 1,670 kwa mwezi, na pengo linafunguka tena. Ndiyo sababu tunasema mwaka ambao bonasi ni nzuri, ile inayozidi 20 isile na mwaka, iwekwe kwa ajili ya mwaka mbaya.

Ya pili ni tarehe ya kustaafu. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na mwezi wa Mei 2023 tuliona hasira ikifika mpaka mashine kuchomwa moto. Mtu anaweza kuachishwa akiwa na 57. Basi fanyeni hesabu mara mbili: moja ya miaka 60, nyingine ya kuachishwa mwakani.

Ya tatu ni rekodi. Nendeni afisi ya NSSF Kericho na kitambulisho, mkaombe taarifa ya akaunti. Tazameni kama jina na namba vinalingana, na kama kuna miezi isiyo na mchango. Ulizeni pia ni kiasi gani kitalipwa mkupuo na kiasi gani kama pensheni, kwa maana michango ya sheria mpya ina kanuni zake. Mwezi uliokosekana ni rahisi kuufuatilia mwajiri akiwa bado anakujua kuliko miaka mitano baadaye.

Kwa mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aje na karatasi tatu: ya mapato ya uzeeni, ya matumizi, na ya pengo. Mwenye taarifa ya NSSF aibebe. Asiyejua kuandika akae na anayejua, na siri ya hesabu ya mtu ibaki kati yao wawili.