Chombo cha zamani hakijakufa: hesabu ya nusu-maisha

USALAMA NA AFYA



Kwenye viwanda vingi vya kusafisha madini kunakuwa kisanduku kizito cha chuma chenye kufungwa kwenye tiyo ya potopoto. Ndani yake munakaa kipande kidogo cha seziumu 137. Miali yake inapita katika tiyo, na upande wa pili mashini inahesabu ile inayofika. Potopoto ikiwa nzito, miali michache inafika. Ikiwa nyepesi, inafika mingi. Hivi fundi anajua uzito wa potopoto bila kufungua tiyo.

Kisanduku hicho kikikaa pahali pake, na mulango wake mudogo ukifungwa kila mara mutu anapotumika karibu, hakisumbue mutu. Hatari inaanza siku kinapotoshwa kwenye tiyo na kutupwa pembeni pamoja na vyuma vya zamani. Hapo mutu mumoja atasema: «Hiki kimezeeka, nguvu yake imeisha.» Je, ni kweli? Tupande ngazi ya hesabu, kidato kimoja kimoja, tuone.

KIDATO CHA KWANZA: VIPANDE

Atomu ya seziumu haizeeke kama mutu. Ile iliyokaa miaka 50 haiko zaifu kuliko ile ya jana. Hakuna mutu anayeweza kusema ni atomu gani itapasuka leo. Lakini zikiwa nyingi sana, tunajua jambo moja bila mashaka: katika miaka 30 hivi, nusu yao itakuwa imepasuka. Muda huo unaitwa nusu-maisha.

Tuchukue atomu 800 kwa mufano. Kiisha miaka 30 zinabaki 400. Kiisha miaka 60 zinabaki 200. Kiisha miaka 90 zinabaki 100. Kwa vipande: 1/2, 1/4, 1/8.

Wengi wanaanguka hapa. Wanafikiri kama miaka 30 imemaliza nusu, basi miaka 30 mingine itamaliza nusu iliyobaki. Hapana. Kila muda unakula nusu ya kile inachokuta, haule nusu ya kile kilichokuwa mwanzo. Atomu 400 zilizobaki hazijui kama zingine zimepasuka. Kila moja iko na bahati ileile kama siku ya kwanza.

KIDATO CHA PILI: AKTIVITE

Kwenye kisanduku kunapigwa kibao. Tuseme kibao kinasoma hivi: «Cs-137, 4 GBq, 1986». Bekereli moja (Bq) ni atomu moja inayopasuka kila segonde, na GBq moja ni bekereli miliare moja. Basi mwaka wa 1986, kila segonde, atomu miliare 4 zilikuwa zinapasuka ndani ya kile kipande. Hesabu hiyo inaitwa aktivite.

Atomu zinazopasuka zinatoka katika zile zilizobaki. Kwa hiyo atomu zikibaki nusu, aktivite nayo inabaki nusu. Hesabu ni ileile ya vipande: mwaka wa 1986 ni GBq 4, mwaka wa 2016 ni GBq 2, mwaka wa 2046 itakuwa GBq 1. Tukiendelea mupaka nusu-maisha 10, ni kusema miaka 300 hivi, kinabaki kipande 1 katika 1024. Hata hapo, atomu karibu milioni 4 zitakuwa zingali zinapasuka kila segonde. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa kimesahauliwa, lakini kipande kingali kinatumika.

KIDATO CHA TATU: MIAKA YA KATIKATI

Tufanye namna gani kama miaka haiko 30 ao 60 kamili? Mutoto wa masomo atasema: «Kiisha miaka 15 imepotea robo, imebaki 3/4.» Tupime jibu lake. Kama miaka 15 ya kwanza inaacha 0,75, miaka 15 ya pili nayo inaacha 0,75 ya ile iliyobaki. 0,75 × 0,75 inatoa 0,56, na sisi tunajua kama kiisha miaka 30 inapaswa kuwa 0,50. Jibu haliko sawa. Hesabu inayofaa ni ile ikizidishwa na yenyewe inatoa 0,50: ni 0,707. Basi kiisha miaka 15 inabaki karibu 71 juu ya 100.

Kanuni ya miaka yote ni hii, A₀ ikiwa aktivite ya mwanzo, t miaka iliyopita, na T nusu-maisha:

A = A₀ × (1/2)^(t/T)

Sasa tutumie kanuni hii kwa jambo lililotokea kweli. Katika muji wa Goiânia, inchi ya Brazil, kulikuwa mashini ya hospitali ya kutunza kansa kwa miali ya seziumu 137. Mwaka wa 1971 kipande chake kilikuwa na aktivite ya GBq 74 000. Wenye kliniki walihamia pahali pengine, na mashini ikaachwa ndani ya nyumba iliyobomoka. Mwezi wa 9, mwaka wa 1987, watu wawili waliingia, wakatosha kichwa cha mashini, wakakiuzisha kwa muchuuzi wa vyuma vya zamani. Je, kiisha miaka 16 nguvu ilikuwa imebaki ngapi?

Tugawe 16 kwa 30,1 (nusu-maisha ya seziumu kwa kweli ni miaka 30,1): inatoa 0,53. Nusu ikipandishwa kwa 0,53 inatoa 0,69. Kiisha 74 000 × 0,69 inatoa karibu 51 000. Wenye kuchunguza jambo hilo waliandika GBq 50 900. Hesabu ya karatasi na ile ya uchunguzi zinapatana.

Basi mashini ya zamani, iliyoachwa katika nyumba bila dirisha, ilikuwa ingali na nguvu karibu 7 katika 10. Yule muchuuzi aliona unga ukingaa rangi ya buluu usiku. Akaupenda, akagawia jamaa na marafiki. Wengine walijipaka kwenye ngozi. Mutoto mwanamuke wa miaka 6 alikula chakula na mikono yenye unga. Watu walianza kutapika na kuhara, na ngozi ikaungua, lakini hawakujua sababu. Zaidi ya juma mbili zilipita mbele ya mutu wa fizika kupima na kutambua miali. Watu 4 walikufa, na mutoto yule alikuwa kati yao. Watu zaidi ya 112 000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa seziumu juu ya mwili ao ndani yake.

Hakuna mutu kati yao aliyetaka mabaya. Waliona chuma cha zamani tu.

KIDATO CHA INE: KUHESABU UMRI

Kanuni hii inaweza pia kurudi nyuma. Kama tunajua kilichokuwa mwanzo na kilichobaki, tunapata miaka iliyopita:

t = T × log(A₀/A) ÷ log 2

Ndivyo wanavyohesabu umri wa mawe. Tuchukue jiwe la uraniumu la Shinkolobwe, kule Katanga, ambako uraniumu ilivumbuliwa mwaka wa 1915. Uraniumu 238 inapasuka polepole sana: nusu-maisha yake ni miaka milioni 4470. Mwisho wa njia yake inakuwa madini ya risasi. Tuseme wanapima jiwe na kukuta atomu 904 za uraniumu na atomu 96 za risasi iliyotoka kwake. Basi mwanzo zilikuwa 1000. 1000 ÷ 904 inatoa 1,106. Log yake ni 0,0438; tukigawa kwa 0,301 tunapata 0,1455. Tukizidisha kwa 4470, tunapata miaka karibu milioni 650. Hiyo inakaribiana na umri ambao wanajiolojia wamepata kwa mawe ya Shinkolobwe.

Hesabu hii inaweza kudanganya. Kama maji yamepita katika jiwe na kubeba sehemu ya risasi, jiwe litaonekana changa kuliko lilivyo. Kama kulikuwa risasi ingine tangu mwanzo, litaonekana zee. Kwa hiyo wanapima pia uraniumu 235, yenye nusu-maisha ya miaka milioni 704. Saa mbili zikisema miaka sawasawa, wanaamini. Zikikosana, wanajua jiwe limeguswa.

Wamama, hesabu hii inahusu nyumba pia. Jiwe la uraniumu liko na rangi nzuri, njano ao kijani, na kuna wanaoliweka kwenye meza kama pambo. Katika miaka milioni 650 limepoteza sehemu moja tu katika kumi. Kulificha mwaka moja ndani ya sanduku hakubadilishe kitu. Tena linatoa gazi ya radoni, ambayo mutu anaivuta katika mapafu, na kwa miaka mingi inaweza kuleta kansa. Nusu-maisha ya radoni ni siku 3,8 tu, lakini haiishe ndani ya nyumba, kwa sababu jiwe linaizaa kila saa. Mutoto anakufa upesi, mama angali anazaa. Jiwe kama hilo halipaswi kulala pahali watu wanalala.

UKIKUTA KISANDUKU

Ukiona alama ya majani matatu meusi juu ya rangi ya njano, ao kisanduku kidogo chenye uzito mukubwa kuliko kimo chake, usikiguse wala kukifungua, hata kama kibao chake ni cha zamani ao kimefutika. Rudi nyuma, zuia wengine na watoto wasikaribie, kiisha uite shefu wa kazi na wenye kuchunga usalama wa miali. Wao wako na mashini ya kupima. Macho na pua havipime miali. Kama ulikwisha kukigusa, useme pale pale, unawe mikono na usile mbele ya kupimwa.

HESABU KWA VIJANA

1. Iridiumu 192, inayotumiwa kupiga picha ya soudure, iko na nusu-maisha ya siku 74. Kiisha siku 222 inabaki ngapi juu ya 100?

2. Kobalti 60 iko na nusu-maisha ya miaka 5,27. Kipande cha GBq 8 kitakuwa na aktivite gani kiisha miaka 21?

3. Kisanduku cha seziumu 137 kimekutwa, mwaka umefutika. Kibao kinasema GBq 4, na wenye kupima wanapata GBq 1,4. Kiko na miaka ngapi?

MAJIBU. 1: Nusu-maisha ni 3, basi kipande 1/8, ni kusema 12,5 juu ya 100. 2: Nusu-maisha ni karibu 4, basi 1/16 ya 8, ni kusema GBq 0,5. 3: 4 ÷ 1,4 inatoa 2,857; log yake 0,456; kugawa kwa 0,301 inatoa 1,515; kuzidisha kwa 30,1 inatoa miaka karibu 46. Na kwa miaka hiyo 46, kingali na sehemu zaidi ya moja katika tatu ya nguvu yake.