Aya Iliyofutwa

Miongoni mwa karatasi ambazo mwalimu mmoja wa sekondari mjini Tanga alinipa nizipitie, kabla vijana wake hawajakwenda kushindana katika mdahalo wa maadili, ilikuwamo hotuba ya ufunguzi ya binti wa kidato cha tano aliyepangiwa kutetea kwamba uongo haujuzu kamwe. Na jambo lililonishika, likakataa kuniacha, ni kuwa aya yake ya pili, iliyokuwa na ufasaha kuzipita nyingine zote, ilikuwa imefutwa yote kwa wino mwekundu, na mfutaji alikuwa yeye mwenyewe.

Aya ile ilisema kwamba uongo ni mbaya kwa sababu huvunja imani baina ya watu: muuzaji na mnunuzi wakashukiana, mume na mke wakachunguzana, na shahidi wa kweli akasimama mbele ya kadhi asisadikiwe. Nani angeona kasoro hapo?

"Mjomba, aya hiyo ilikuwa ikinichimbia kaburi," binti alinijibu nilipomwuliza kwa nini ameifuta, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipima jambo. "Nikisema uongo ni mbaya kwa ajili ya madhara yake, mpinzani wangu ataleta uongo mmoja tu usiodhuru mtu, kama ule wa kumsifia bibi chakula kilichozidi chumvi, na hoja yangu imekwisha. Mada ina neno 'kamwe', na 'kamwe' haivumilii hata mfano mmoja."

Mahali pa aya ile akaweka hoja nyingine, nyembamba lakini ngumu: kwamba msema uongo, hata awe na huruma kiasi gani, humwamulia mwenziwe la kusadiki pasipo idhini yake, akamnyang'anya akili yake haki ya kuamua kwa mambo yalivyo, na dhuluma hiyo hutimia papo hapo neno linapotamkwa, yaje madhara au yasije. Bibi aliyesifiwa chakula hakuumia, lakini alishughulikiwa kama mtu asiyeweza kustahimili kweli.

Kisha akaweka mpaka. Uongo, kwa fasili yake, ni kutamka kama kweli jambo ambalo mwenyewe huliamini kuwa si kweli, kwa nia ya kumfanya msikiaji alisadiki. Kwa hiyo ngano si uongo, maigizo si uongo, kukataa kujibu si uongo, na kunyamaza si uongo. Mlango huu wa kunyamaza aliuacha wazi kwa makusudi, maana alijua ataukimbilia.

Alijua kwa sababu ya yule muuaji ambaye kila anayetetea upande huu lazima akutane naye: rafiki yako amejificha nyumbani mwako, na anayetaka kumwua anabisha hodi na kuuliza kama yumo. Mwaka 1797 Immanuel Kant, akimjibu Benjamin Constant aliyesema kwamba kweli ni deni kwa mwenye haki nayo tu, alishikilia kuwa hata hapo uongo haujuzu. Kwani ukisema "hayumo", kumbe rafiki amekwisha kutoroka bila wewe kujua, na muuaji akageuka akakutana naye njiani, basi lawama ya kifo chake inaweza kukuangukia. Wengi huusoma mfano huu kana kwamba unaahidi kuwa kweli itaokoa, nao wakishaahidi hivyo huangushwa kwa urahisi. Binti huyu hakunasa. "Kweli haikuahidi kumwokoa mtu," aliandika pambizoni. "Ninalosema ni kwamba aliyedanganya amejitwika dhamana ya yatakayofuata." Nadhani huo ndio mstari bora wa hotuba yake nzima.

Bali hakuna uzuri wa mstari unaoifuta hujja ya Imamu Ghazali, ambayo kwetu pwani haihitaji kutambulishwa: kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio, na ikiwa damu ya mtu asiye na hatia haihifadhiki kwa dhalimu ila kwa uongo, uongo huo huwa wajibu. Nilimwuliza atasema nini jaji akimkumbusha. Alikaa kimya kitambo.

"Ningependa kusema nitanyamaza," alisema. "Fasili yangu inaniruhusu. Lakini, mjomba, muuaji akiuliza yumo au hayumo, nami nikafumba mdomo, kimya changu kimekwisha kumjibu. Nikisema sitaki kujibu, nimemjibu vilevile. Hapo fasili yangu haina pa kunificha."

Nilimshauri alikwepe suala hilo, kwa kuwa mzungumzaji wa kwanza halazimiki kuwatangulia wapinzani. Alikataa: alisema kuwaacha majaji wadhani mlango wa kimya unatosha, na hali yeye anajua hautoshi, hakupishani sana na jambo analosimama kulipinga. Basi amelitia katika dakika yake ya mwisho, kwa sentensi tatu zisizo na jibu, na mwalimu wake anahofu kwamba zitampunguzia alama.