Anayefungua Mlango Siye Lazima Ahojiwe

Saa nne asubuhi mdadisi anabisha hodi kwenye kaya iliyoangukia katika sampuli. Anayeitika ni mama wa nyumba. Mumewe yuko kazini, mtoto wao mkubwa ametoka na bodaboda, na binti yao yuko sokoni. Mama yuko tayari kuzungumza. Jua nalo limeanza kuwaka, kwa hiyo kishawishi cha kumhoji yeye na kusonga mbele si kidogo.

Tuseme kata ina wanawake na wanaume sawa kwa sawa, na wanaulizwa kama maji ni shida kubwa kwao. Wanawake 80 katika kila 100 wanasema ndiyo, maana ndio wanaoyateka. Wanaume ni 40 tu. Jibu la kweli la kata ni asilimia 60. Lakini ikiwa wafungua mlango 75 katika kila 100 ni wanawake, mdadisi atapata "ndiyo" 60 kwao na 10 kwa wanaume, yaani asilimia 70. Kuongeza kaya kutoka 1,000 hadi 5,000 hakuponyi kitu. Kosa ni lilelile, ila sasa linaaminiwa zaidi.

Wapo wanaosema tusawazishe mezani: kila mwanamume ahesabiwe mara tatu ya mwanamke. Idadi zitalingana, sawa. Lakini mwanamume anayekutwa nyumbani saa nne mara nyingi ni mstaafu, mgonjwa, mlinzi wa zamu ya usiku au mtu asiye na kazi. Umhesabu mara ngapi ndipo awe dereva wa bodaboda?

Mwaka 1949 mtakwimu Leslie Kish alichapisha utaratibu wa kumnyima mdadisi uchaguzi huo. Kwanza huorodheshwa watu wazima wote wa kaya, waliopo na waliotoka: wanaume kuanzia mkubwa kwa umri, kisha wanawake vivyo hivyo. Kila mmoja hupewa namba. Jedwali lililopangiwa kaya hiyo kabla mdadisi hajafika ndilo linalosema, kwa mfano, "wakiwa wanne, mhoji wa pili." Kwa kaya yetu, huyo ni kijana wa bodaboda. Siku hizi tableti hufanya kazi hiyo.

Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu kijana hayupo. Mdadisi hana budi kuulizia saa yake ya kurudi na kuja tena, pengine usiku. Akimchukua mama badala yake, jedwali limekuwa pambo.

Msimamizi makini ana njia ya kunasa ujanja huo. Huzitenga kaya zenye watu wazima wawili tu, mke na mume. Humo, uchaguzi ukiwa wa haki, wahojiwa wanapaswa kukaribia nusu kwa nusu. Fomu za mdadisi mmoja zikirudi na wake 70 kwa waume 30, kuna kaya za kurudiwa.