Nyuzi 63 kwa Nusu Saa: Kupasteurisha Maziwa Jikoni

Maziwa yanayochemshwa hujitangaza yenyewe: hufura, hupanda hadi ukingoni, na mpishi akichelewa kidogo humwagikia jiko. Yaliyopasteurishwa hayatoi dalili yoyote. Ukiyaweka kando ya maziwa mabichi, macho hayatakuambia yapi ni yapi. Viwandani kuna kipimo cha maabara cha kuthibitisha kwamba joto lilitosha. Nyumbani mashahidi ni wawili tu, kipimajoto na saa.

Kuchemsha kunaua vijidudu vya maradhi, na anayechemsha maziwa yake ya chai hana haja ya kuacha. Kupasteurisha kunamfaa zaidi anayetaka ladha iliyo karibu na ya maziwa mabichi, au anayetengeneza jibini, kwa kuwa maziwa yaliyochemshwa hugandishwa kwa shida na bonge lake huwa legelege. Kisichofaa ni kuyanywa mabichi. Ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kutoa maziwa yenye vijidudu vya brusela, ugonjwa unaoleta homa za kuja na kuondoka na maumivu ya viungo, na ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyohiyo.

Kanuni ni hii: maziwa yote yafike nyuzi 63 za Selsiasi na yakae hapo dakika 30 mfululizo. Viwanda vingi hutumia nyuzi 72 kwa sekunde 15, lakini huko maziwa hupita kama utando mwembamba kati ya mabamba ya chuma, kila tone likipata joto sawa. Sufuria haiwezi hivyo, ndiyo maana nyumbani nashauri ile njia ya polepole. Wala usijipunguzie nyuzi moja kwa kudhani ni jambo dogo. Miaka ya 1950 Marekani ilipandisha kiwango chake kutoka nyuzi 61.7 hadi 62.8, kwa sababu kijidudu cha homa ya Q, Coxiella burnetii, kilikuwa kinaweza kunusurika kwenye kile cha zamani.

Anza kwa kukikagua kipimajoto. Kile cha kupimia homa hakifai, kwani huishia kwenye nyuzi 42 hivi. Tafuta cha jikoni, chenye mchi mrefu wa chuma. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza mchi bila kugusa kioo. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma 2, basi 63 yako halisi itaandikwa 65. Usikikague kwa maji yanayochemka kabla ya kukumbuka mahali ulipo. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka karibu na 95, na Nairobi karibu na 94. Wako waliotupa kipimajoto kizima kwa kutojua hilo.

Sasa tuchukue lita 5 za maziwa ya jioni, yamekamuliwa na kuletwa mara moja. Yachuje kwa kitambaa safi ndani ya sufuria, kisha ikalishe sufuria hiyo ndani ya nyingine kubwa yenye maji. Moto ukigusa maziwa moja kwa moja, ya chini huungua wakati ya juu bado ni vuguvugu. Maji ya kati hulisambaza joto. Weka mwiko wa chuma na uuache humo mpaka mwisho. Mwiko uliogusa maziwa mabichi, ukawekwa mezani kisha ukarudishwa dakika ya mwisho, unarejesha kilekile ulichokuwa unakiua.

Koroga taratibu, kutoka chini kwenda juu. Maziwa yakifika nyuzi 60 punguza moto, kwa sababu maji ya nje yana joto kuliko maziwa na yataendelea kuyasukuma. Lenga 65, ili yakishuka kidogo yasivuke 63 kwenda chini. Pima katikati, kisha karibu na ukingo, kisha juujuu, bila mchi kugusa chuma. Sehemu yenye joto la chini kabisa ndiyo inayohesabika. Ikifika 63, anza kuhesabu dakika. Ikiteremka chini yake katika dakika ya 20, pandisha joto na uanze nusu saa upya.

Povu ndilo linalosahauliwa zaidi. Limejaa hewa, na joto lake huwa chini kuliko la maziwa yaliyo chini yake, kwa hiyo kijidudu kilichomo kinaweza kupona wakati kipimajoto kinasema kila kitu kiko sawa. Liengue kwa upawa na ulitupe. Kati ya mkorogo mmoja na mwingine funika, ili hewa ya juu nayo ibaki moto na maziwa yaliyorukia kingo yapate joto.

Nusu saa ikitimia, kazi imefika katikati. Kupasteurisha hakuui kila kitu. Kuna vijidudu vinavyojificha katika hali ya mbegu ngumu, na maziwa yakipoa polepole juu ya meza huamka na kuzaana. Kwa hiyo poza kwa haraka, lakini usianze na barafu. Hamishia sufuria kwenye beseni lenye lita 15 za maji ya bomba, tuseme ya nyuzi 22, ukikoroga maziwa na maji pia. Vyote vitakutana karibu na nyuzi 33. Mwaga, weka maji mengine kama hayo, na maziwa yatashuka hadi 25 hivi. Hapo ndipo barafu inapostahili: kilo 3 katika lita 5 za maji zinatosha kuyafikisha karibu na nyuzi 4. Ungeitia barafu hiyo mwanzoni, ingeyeyuka yote kwa kazi ambayo maji ya bomba huifanya bure. Maji ya beseni yasiingie kwenye sufuria. Yaache vidole viwili chini ya ukingo.

Mimina kwenye chupa zilizooshwa kwa sabuni na kuchemshwa, kamwe si kwenye kidumu kilicholeta maziwa mabichi. Kwenye jokofu lenye nyuzi 4, yatumie ndani ya siku 3 hadi 5. Fahamu pia kwamba joto hili haliondoi mabaki ya dawa aliyochomwa ng'ombe, sumukuvu iliyotoka kwenye chakula chake, wala sumu ambayo bakteria wameshaitoa katika maziwa yaliyokaa muda mrefu juani. Yakikatika sufuriani yakipata moto, yalikwisha chacha kabla hujaanza.

Asiye na jokofu ayageuze kuwa mtindi siku hiyohiyo, ila asiyaache yagande yenyewe kama mabichi. Bakteria wazuri wa kuchachusha nao wamekufa kwa joto, na waliosalia huyaharibu yakawa machungu na kunuka. Simamisha upozaji kwenye nyuzi 25, tia vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri kwa kila lita, mtindi ambao nao ulitokana na maziwa yaliyopashwa moto, koroga kwa mwiko uliochemshwa, funika na uyaache yatulie. Huganda kati ya saa 12 na 24.