Kioo na Karatasi Vipatane

Leo tutaeleza kwa nini picha inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hutoka nyeusi kwenye karatasi.

Tuseme una studio Korogwe. Amekuja bwana mmoja kutoka Handeni na picha ya harusi. Umeirekebisha kwenye kompyuta mpaka uso wa bibi harusi umependeza. Umeisafisha, na kumbe uso umekuwa mweusi, hata macho hayaonekani vizuri. Karatasi na wino vimepotea, na bwana yule anataka kuwahi gari la Handeni. Kosa liko wapi?

Kioo hutoa nuru yake chenyewe. Karatasi haina nuru. Hurudisha tu mwanga unaoiangukia. Vioo vingi hutoka kiwandani vikiwa na mwangaza mkali kupita kiasi. Mwangaza huo ulikudanganya: uliifanya picha yenye giza ionekane nyeupe, nawe hukuona haja ya kuiongezea nuru. Printa haikudanganyika.

Basi fanya hivi. Kwanza, washa kioo, ungoje nusu saa kitulie. Funga pazia, maana mwanga wa jua hubadilika kila saa. Washa taa nyeupe ile ile utakayotumia kutazama picha.

Pili, fungua ukurasa mtupu mweupe, ujaze kioo chote. Shika karatasi ya picha kando yake, chini ya taa. Karatasi ikionekana ya kijivu karibu na kioo, mwangaza umezidi. Bonyeza kitufe cha kioo, tafuta neno Brightness, upunguze kidogo kidogo mpaka weupe wa kioo na wa karatasi ulingane.

Tatu, itazame tena picha ya harusi. Sasa uso utakuwa mweusi kwenye kioo pia, kama ulivyo kwenye karatasi. Usikirudishie kioo mwangaza. Ongeza nuru ya picha yenyewe, kisha safisha nakala ndogo ya kujaribia kabla ya ile kubwa.

Lakini jicho haliwezi yote, kwa kuwa huzoea rangi upesi. Kioo kikielekea ubuluu, utaiongezea picha umanjano bila kujua, na uso utatoka wa manjano. Dawa yake ni kipima rangi, chombo kidogo kinachowekwa juu ya kioo. Kompyuta huonyesha rangi moja moja, chombo huzipima, na kompyuta huweka masahihisho. Rudia kila mwezi, maana kioo hubadilika kwa kutumika.

Na picha ikitoka na mistari, usiguse kioo. Hapo njia ya wino imeziba. Safisha printa kwanza.

Maswali:
1. Kwa nini tunafunga pazia kabla ya kupima?
2. Karatasi ikionekana ya kijivu kando ya kioo, utafanya nini?
3. Je, kosa la mistari ni la kioo au la printa?