Majani ya Mpera Yalipogeuka Waridi

Kamera niliyofunga bandani kwa kuku ilionyesha majani ya mpera yakiwa ya waridi, na shati jeusi la kijana anayewalisha likiwa rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa moduli ndogo yenye sensa ya IMX219, imeunganishwa kwa kebo bapa kwenye Raspberry Pi 4. Siku mbili nzima nilichomoa na kuchomeka kebo nikidhani imelegea. Kumbe kebo iliyolegea mara nyingi huleta mistari, au picha hukatika na kutoweka kabisa.

Jibu lilikuwa kwenye majani. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho letu halioni. Kamera ya kawaida ina kioo chembamba cha kuuzuia. Kamera ya usiku, inayouzwa kwa jina la NoIR, haina. Nilielekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi, nikabonyeza: taa yake ikawaka pichani kama tochi. Kioo hakikuwepo.

Sasa, sensa ni ileile kwenye aina zote mbili, kwa hiyo kompyuta haiwezi kujua, na hupakia faili la rangi la kamera yenye kioo. Lazima uiambie mwenyewe:

```
rpicam-hello -t 0 --tuning-file /usr/share/libcamera/ipa/rpi/vc4/imx219_noir.json
```

Karatasi nyeupe ikarudi kuwa nyeupe. Majani, hata hivyo, hayakupata ukijani wake halisi, na hayatapata kwa programu yoyote: infraredi imekwisha kuchanganyika na nyekundu, kijani na bluu ndani ya sensa. Anayetaka rangi za kweli mchana atafute moduli yenye kioo.

Angalia pia rangi imekaa wapi. Waridi ikiwa katikati tu na pembeni pakavuta kijani, shida ni lenzi isiyolingana na ile iliyotengenezewa faili hilo. Hutokea sana mtu akibadilisha lenzi na kuweka ya upana mkubwa.

Kamera ya USB ina hadithi nyingine. Picha ikiwa kijani kitupu, au kijani na waridi vimegawana sura ya mtu, shuku namna data inavyosomwa. Kwenye mfumo wa YUYV, unaotenga mwanga na rangi, data tupu yenye sifuri kila mahali hutoka kijani, si nyeusi. Tazama kamera inatoa mifumo gani:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext
```

Kama MJPG imo, ichague kwenye programu yako ya video. Rangi zikikaa sawa, lenzi na sensa ni zima. Kosa lilikuwa kwenye draiva au programu iliyosoma YUYV vibaya.

Ya bandani nimeiacha palepale. Usiku, kwa taa ya infraredi, inamwona kicheche vizuri.